Mabaka manne pichani na kamba shingoni: dawa ya miezi 6 au 12?

Swali: Daktari, nimekutumia picha sita za mgonjwa mwanamume wa miaka 34 ninayemshuku ana ukoma. Ana mabaka manne yaliyofifia rangi: moja mkono wa kushoto, mawili mgongoni, moja pajani. Shingoni naona kitu kama kamba. Mwenzangu anasema mabaka manne ni PB, yaani ukoma wenye bakteria wachache, tumpe dawa miezi sita basi. Mimi roho haijatulia. Picha zinaweza kunihakikishia nini, na hasa ni kitu gani kinachoamua miezi sita au kumi na miwili?

Jibu: Mpange MB, yaani kundi la ukoma wenye bakteria wengi, miezi 12. Hata hivyo usimpange kwa sababu mimi nimesema baada ya kutazama picha. Mpange baada ya kugusa vitu viwili ambavyo picha zako zimevionyesha ila haziwezi kuvithibitisha: ganzi kwenye baka, na unene wa mishipa ya fahamu, yaani neva. Nitaanza na mabaka, maana hapo ndipo mwenzako alipokosea hesabu.

Itazame tena picha ya mkono. Baka lile la juu kidogo ya kiwiko si jeupe kama chokaa. Limefifia tu, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Hilo ndilo jambo la kwanza. Ukoma hupunguza rangi ya ngozi, hauifuti kabisa. Ukiona weupe wa maziwa wenye mpaka mkali na ngozi nyororo isiyoinuka popote, fikiria mbalanga kwanza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa uvimbe huonekana kama rangi ya shaba au zambarau iliyokolea, kwa hiyo usisubiri kuona baka jekundu kama lilivyo kwenye vitabu vyenye picha za watu weupe.

Sasa fuata ukingo wa baka hilo kwa jicho, kuanzia juu ukizunguka. Upande wa juu ukingo umeinuka na una punjepunje ndogo, halafu ngozi inashuka taratibu kuelekea katikati ambako ni bapa na kavu. Nywele zilizojaa pembeni zinakoma mpakani. Ukavu huo na upungufu wa nywele vina sababu: neva ndogo za ngozini zinazoendesha tezi za jasho nazo zimeharibiwa pamoja na zile za hisia, na vinyweleo vimeathiriwa na uvimbe huo huo. Choa nacho huwa na ukingo ulioinuka na katikati iliyotulia, ndiyo maana huchanganywa sana na ukoma, lakini choa huwasha, hutoa magamba ukingoni, na mgonjwa huonyesha alama za kujikuna. Baka la ukoma kwa kawaida haliwashi. Mgonjwa anayekaa na baka miaka miwili bila kujikuna hata mara moja ananitia wasiwasi kuliko yule anayelalamika usiku kucha.

Nikirudi kwenye hesabu: ukikuza picha hiyo hiyo utaona, kama sentimita mbili kutoka ukingo wa chini wa baka kubwa, vibaka viwili vidogo, kila kimoja na mpaka wake, na kati yao na baka kubwa kuna ngozi nzima. Hivyo ni vibaka vya pembeni, watoto wa baka kubwa, na ni dalili ya wazi kwamba kinga ya mwili haijafanikiwa kuufungia ugonjwa mahali pamoja. Kila kimoja huhesabiwa. Kwa hiyo mabaka si manne tena bali ni sita, na hapo tu mgonjwa ameshavuka mstari wa PB, ambao ni baka moja hadi matano.

Na hata hiyo sita siiamini, kwa sababu katika picha sita hakuna hata moja ya makalio, ya kiuno nyuma, wala ya miguu chini ya goti. Makalio ni mahali ambapo mabaka hupenda kujificha, kwani mgonjwa mwenyewe hayaoni na mpiga picha huona haya kuomba. Bakteria wa ukoma hustawi kwenye sehemu za mwili zilizo baridi kidogo, ndiyo maana kwapa, kinena na sehemu ya kichwa yenye nywele mara nyingi hunusurika. Hesabu ya mabaka ina maana pale tu ngozi yote imetazamwa: mbele, nyuma, pande mbili, mikono imeinuliwa, nyayo, makalio. Fanyeni hivyo chumba cha faragha, kwa idhini yake, akiwa na mtu wa jinsia anayoiridhia, na kama mtapiga picha, usoni pafichwe pale ambapo uso si sehemu ya ugonjwa.

Kuhusu upigaji wenyewe, nina ombi moja tu. Zimeni flashi. Picha yako ya mgongo imepigwa kwa flashi ya moja kwa moja, na mwanga huo umelainisha kila kilichoinuka na kuyafanya mabaka yaonekane bapa na meupe kuliko yalivyo. Msimamisheni mgonjwa ubavu wake ukielekea dirishani, mwanga upite juu ya ngozi kwa pembeni. Ukingo ulioinuka utatoa kivuli chembamba, na ngozi iliyovimba bila mpaka, ile inayong'aa kama imepakwa mafuta, itajitokeza. Wekeni rula pembeni. Pigeni picha moja kwa mbali ili ijulikane baka liko wapi mwilini, kisha moja ya karibu.

Ngozi hiyo inayong'aa naitaja kwa makusudi. Mtu anayesaka mabaka yenye mpaka huipita kabisa aina ya ukoma yenye bakteria wengi kuliko zote. Katika aina hiyo mabaka ni mengi, madogo, yamepangika sawasawa kulia na kushoto, na kingo zake zimeyeyuka ndani ya ngozi nzima hata kamera haizioni. Mwanzoni hisia zinaweza kuwa salama kabisa. Kinachomsaliti mgonjwa ni ndewe zilizonenepa, nyusi zilizopukutika kuanzia upande wa nje, na baadaye vinundu. Nimeitazama picha ya uso wa mgonjwa wako kwa ajili hiyo. Nyusi zimejaa hadi mwisho, ndewe ni nyembamba, ngozi ya paji la uso haing'ai. Mabaka yake ni machache kiasi, makubwa, na hayalingani kushoto na kulia. Huyu yuko upande ule ambao kinga inapigana kwa nguvu, na kinga inapopigana kwa nguvu, uwanja wa vita huwa ndani ya neva. Hapo ndipo tunaifikia shingo.

Mgonjwa amegeuza kichwa kulia, na upande wa kushoto wa shingo kuna mstari ulioinuka unaoukatiza msuli mrefu, ule unaoshuka kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye kidari. Vitu viwili hupita hapo karibukaribu na kwa mwelekeo unaofanana: mshipa wa damu wa juu ya shingo, na neva kubwa ya sikio. Katika picha watu huvichanganya kila siku. Njia ya kuvitenganisha ni kufuata ncha ya chini. Mshipa wa damu huendelea kushuka hadi unapotelea juu ya mtulinga. Neva haifiki huko: hutokeza kwenye ukingo wa nyuma wa ule msuli, takriban katikati ya urefu wake, kisha hupanda kuelekea ndewe. Mstari wa mgonjwa wako unaanzia ukingoni mwa msuli na kupanda. Chini ya hapo shingo ni tupu. Hauna rangi ya samawati. Hiyo ni neva.

Ukiwa naye ana kwa ana ithibitishe kwa kidole. Mwambie azibe pumzi na kujikaza kama anayenyanyua mzigo: mshipa wa damu utajaa, neva itabaki vile vile. Ukibonyeza kidogo, mshipa wa damu hulala, lakini neva hubaki kama kamba inayoviringika chini ya kidole. Tahadhari moja: kwa mtu mwembamba, akigeuza shingo sana, neva yenye afya nayo inaweza kuonekana. Ndiyo maana lazima umgeuze upande wa pili pia na kulinganisha. Kamba iliyo nene upande mmoja tu ina uzito mkubwa. Mistari miwili myembamba inayolingana pengine ni umbile lake.

Picha iliyonifanya niandike MB bila kusita, hata hivyo, ni ile ya migongo ya mikono, ambayo hukuitaja kabisa katika swali. Tazama mkono wa kushoto kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Upande wa kulia pale pamejaa nyama. Kushoto pana shimo. Kidole cha mwisho cha kushoto kimejikunja kidogo kwenye viungo vya katikati na vya mwisho, na cha pete kinaanza kukifuata. Misuli midogo ya mkono imeanza kusinyaa kwa sababu neva ya ulna, ile inayopita nyuma ya kiwiko upande wa ndani, haiiamrishi tena. Kumbuka baka kubwa lilipo: juu kidogo ya kiwiko hicho hicho cha kushoto. Baka lililo juu ya njia ya neva kubwa hunifanya siku zote nitazame kinachotawaliwa na neva hiyo huko chini.

Sasa hivi ndivyo utakavyofanya akirudi, na naomba ufuate mpangilio huu, maana kila hatua inategemea iliyotangulia.

Anza na hisia kwenye mabaka. Sokota pamba iwe na ncha nyembamba. Mwonyeshe kwanza macho yakiwa wazi: mguse ngozi nzima, naye aweke kidole pale ulipogusa. Akishaelewa, afumbe macho. Gusa kwa ncha tu bila kuburuta, mara kwenye ngozi nzima, mara katikati ya baka, ukibadilisha mwendo ili asikariri. Usimuulize "unasikia?" kila unapogusa, kwani atajibu ndiyo kwa adabu tu. Mwache aonyeshe kwa kidole. Akikosa mara kwa mara ndani ya baka huku akipatia nje yake, una dalili kuu ya kwanza ya ukoma, na kwa hiyo peke yake utambuzi umekamilika. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kutumia sindano au kubonyeza kwa kidole. Mgonjwa aliyepoteza mguso mwepesi anaweza bado kuhisi mbonyezo, nawe ukaandika "hisia zipo". Kosa la pili ni kupima baka la usoni na kuliondoa kwenye orodha kwa sababu lina hisia. Uso una neva nyingi mno zinazoingiliana, na baka la ukoma pale linaweza kubaki na hisia zake.

Kisha neva. Kunja kiwiko chake hadi pembe mraba, ushike mkono wake ulegee. Tafuta mfereji ulio nyuma ya kifundo cha ndani cha kiwiko, uiviringishe neva kwa ncha za vidole viwili, kisha panda nayo sentimita chache kuelekea juu, kwa sababu unene mkubwa wa ulna huwa hapo juu ya kiwiko kuliko ndani ya mfereji. Fanya upande wa kulia kwanza, ule mzima, vidole vyako vijue ukubwa wake wa kawaida. Wakati wote tazama uso wake, si mkono. Akikunja uso, neva inauma, na hilo ni jambo tofauti na unene: linaashiria uvimbe unaoendelea sasa hivi. Nenda pia nje ya goti, chini kidogo ya kichwa cha mfupa mwembamba wa mguu, na nyuma ya kifundo cha mguu upande wa ndani. Hii ya mwisho kwa kawaida ni nene kwa kila mtu, kwa hiyo usiiite mgonjwa kwa unene peke yake. Ipime kwa hisia za unyayo.

Mwisho nguvu na hisia za mikono na miguu. Atandaze kidole cha mwisho kwenda nje huku wewe ukikizuia. Hiyo ni ulna. Ainue kidole gumba kuelekea dari kiganja kikiwa juu. Ainue wayo. Afumbe macho kwa nguvu wakati unajaribu kuyafumbua. Viganja na nyayo zigusie kwa ncha ya kalamu ya wino, kwa uzito wa kalamu yenyewe tu, mpaka ngozi ibonyee kidogo. Andika namba za kila kidole na kila sehemu. Bila namba za siku ya kwanza hutajua mwezi wa tatu kama amepoteza zaidi.

Sasa kwa nini haya yote yanaamua miezi? Mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani ni mfupi. PB ni mwenye mabaka yasiyozidi matano, bila bakteria kwenye kipimo cha majimaji ya ngozi. MB ni mwenye mabaka zaidi ya matano, au neva iliyoathirika hata kama baka ni moja au hakuna, au bakteria kuonekana kwenye kipimo hata kama baka ni moja. Baadhi ya miongozo ya nchi huhesabu neva kwa namna yake, kwamba neva moja bado ni PB na mbili ndiyo MB. Mgonjwa wako haathiriwi na tofauti hiyo: kama vidole vyako vitathibitisha shingo na kiwiko, ana neva mbili.

Jambo ambalo mwenzako amelisahau ni kwamba idadi ya mabaka haina thamani yenyewe. Ni njia ya mkato ya kukisia wingi wa bakteria mahali ambapo hakuna darubini. Mtu ambaye kinga yake imeukamata ugonjwa mapema huwa na mabaka machache na bakteria wachache mno; kinga inavyolegea, mabaka huongezeka na bakteria hujaa. Mwaka 1966 Ridley na Jopling waliupanga ukoma katika ngazi tano kufuatana na hilo, na ukiniuliza mgonjwa huyu yuko wapi, ningesema ngazi ya pili kutoka upande wa kinga imara: mabaka makubwa yenye mpaka lakini yenye watoto pembeni, na neva zinazoshambuliwa vikali upande mmoja. Ngazi hizo hunisaidia kutabiri hatari ya neva. Kwa kugawa dawa, makundi mawili yanatosha.

Katika dawa za ukoma, rifampisini ndiyo mwuaji. Dozi moja ya miligramu 600 huua sehemu kubwa mno ya bakteria walio hai. Wasiwasi uko kwa wachache wanaobaki, hasa wale ambao kwa asili hawasikii rifampisini. Kadiri bakteria walivyo wengi mwanzoni, ndivyo uwezekano wa kuwamo wakaidi hao unavyokua, na hao huachiwa dapsoni na klofazimini ambazo huua polepole. Miezi ya ziada ni muda wa dawa hizo mbili kufanya kazi yao. Kabla ya dawa mseto kupendekezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, dapsoni ilitolewa peke yake kwa miaka mingi, wengine maisha yao yote, na bakteria wakaizoea. Dawa mseto ilipoanza, MB ilitibiwa angalau miezi 24. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikashushwa hadi 12.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 ulipendekeza dawa tatu zile zile kwa makundi yote mawili, ingawa zipo programu ambazo ziliendelea kutumia mbili kwa PB. Mtu mzima humeza rifampisini miligramu 600 na klofazimini 300 mara moja kwa mwezi mbele ya mhudumu, na nyumbani kila siku dapsoni 100 na klofazimini 50. PB ni pakiti 6 zikamilike ndani ya miezi 9. MB ni pakiti 12 ndani ya miezi 18. Hesabu pakiti, si kalenda: aliyekosa mwezi mmoja huongezewa mwishoni, haanzi upya.

Ukikosea kumweka mtu wa PB kwenye MB, umempa miezi sita ya dawa asiyoihitaji na ngozi iliyokolea zaidi kwa klofazimini. Ukikosea kinyume chake, unamwachia bakteria hai wanaoweza kuibuka miaka kadhaa baadaye, wewe ukiwa umeshahamishwa kituo. Ndiyo maana panapokuwa na shaka, kanuni ni kumtibu kama MB. Kipimo cha majimaji ya ngozi, kikichukuliwa kwenye ndewe zote mbili na ukingoni mwa baka, kifanyeni kama kipo. Lakini kifasirini kwa upande mmoja tu: bakteria wakionekana, anapanda kuwa MB, wasipoonekana, hashuki kuwa PB, kwa sababu neva zake zimeshasema.

Kabla ya pakiti ya kwanza muulize vidole vilianza kujikunja lini. Udhaifu wa chini ya miezi sita, au neva inayouma, ni wa kutibiwa na prednisoloni sambamba na dawa mseto. Kwa mtu mzima kwa kawaida huanza kama miligramu 40 kwa siku na kupunguzwa polepole kwa wiki 20 hivi, baada ya kuangalia kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu na minyoo. Hilo lifanywe na mwenye uzoefu nalo, kwa hiyo akithibitika mpe rufaa wiki hiyo hiyo. Ukiwa umepita mwaka, prednisoloni haitanyoosha kidole. Atahitaji mazoezi, kinga ya mkono usio na hisia, na pengine upasuaji.

Pima pia damu yake kabla ya dapsoni, kwani hubomoa chembe nyekundu. Mwambie kwamba mkojo utakuwa mwekundu siku ya dozi ya mwezi. Mwambie zaidi juu ya vipele: homa na vipele mwili mzima katika wiki za mwanzo, hasa ya tatu hadi ya sita, maana yake aache dapsoni na aje siku hiyo hiyo. Hiyo inaweza kuua.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa picha, jihadhari na zile utakazompiga baadaye. Klofazimini hukoleza ngozi, na hukoleza mabaka kuliko ngozi nzima, hivyo picha ya mwezi wa sita inaweza kuonyesha madoa ya hudhurungi yaliyokolea pale palipokuwa pamefifia. Ugonjwa haujazidi, rangi huondoka taratibu dawa ikiisha. Mabaka yenyewe yanaweza kubaki yanaonekana hata baada ya pakiti ya 12, kwa kuwa mwili huchukua muda mrefu kusafisha mabaki ya bakteria waliokufa. Usiongeze dawa kwa sababu hiyo. Lakini ukiona baka lililokuwa bapa limeumuka ghafla, limekuwa jekundu na la moto, huo ni mshtuko wa kinga, nao hutokea wakati wa matibabu na hata baada yake. Dawa mseto haisimamishwi. Siku hiyo rudia kipimo cha kidole cha mwisho, kidole gumba, wayo na macho, ulinganishe na namba za siku ya kwanza. Zikiwa zimeshuka, ni prednisoloni, na ni dharura.

Kwa sasa nitumie picha ya makalio, ya mgongo upya bila flashi, na ya ndewe kwa karibu. Andika kwenye kadi yake: MB, neva ya sikio kushoto na ulna kushoto, mabaka sita au zaidi. Wanaoishi naye nyumba moja wakaguliwe ngozi mwezi huu huu.